Kwa Nini Kitufe cha LIPA Kimeshuka Chini

"Ndugu wanachama, habari za shamba. Kuanzia Jumatatu ukurasa wetu wa malipo utabadilika sura. Kitufe cha LIPA kimekuzwa na kushushwa: hakipo tena juu kulia, kipo chini ya sehemu ya kuandika kiasi. LIPA DENI LOTE kimeondolewa karibu yake na kupelekwa kwenye ukurasa wa deni. FUTA sasa kinaitwa ANZA UPYA. Pale juu kulia hapana tena kitu cha kubonyeza. Pesa zenu, namba zenu za uanachama na kumbukumbu za madeni hazijaguswa. Mwenye swali aulize hapa au amwone katibu ofisini."

Ujumbe huo niliutuma kwenye kundi la WhatsApp la chama cha ushirika cha wakulima wa korosho, katika kijiji kimoja cha kusini mwa Tanzania. Chama hicho nakisaidia kwa kujitolea katika kazi za kompyuta. Wanachama wake hulipa ada, hununua hisa na kurejesha mikopo ya palizi kupitia ukurasa unaofunguka kwenye simu. Mwanachama anaandika kiasi, anabonyeza, kisha mtandao wake wa simu unamletea kidirisha cha kuweka namba ya siri.

Maswali hayakuchelewa. Mzee mmoja aliandika, "Kijana, vitufe vilikuwa vinamla nani hata mvihamishe?" Mama mmoja akaja na neno zito zaidi: "Mwanangu, cha kulipa mmekifanya kikubwa, cha kufuta mmekipeleka mbali. Au mnataka tulipe tu bila kufikiri?"

Wote wawili walistahili jibu lililoshiba kuliko linaloweza kukaa kwenye ujumbe wa simu. Kuna wengine wengi nchini wanaolipa ada za shule, maji na mikopo kwa njia hii hii, na wakibonyeza sipo hujilaumu wenyewe kwa kutojua simu. Mara nyingi wanajionea bure. Kosa lilikuwa tayari limechorwa kwenye ukurasa, likingoja kidole kipite.

Ukurasa ulivyokuwa

Aliyeujenga ukurasa wa kwanza aliuchora akiwa na kompyuta ya ofisi mbele yake, na kwenye kompyuta ulipendeza. Juu kabisa palikuwa na mstari wa tangazo, ambao katika msimu wa minada ulionyesha bei ya korosho. Chini ya tangazo, upande wa kulia, vitufe vitatu vilipangwa kimoja juu ya kingine: LIPA DENI LOTE, kisha LIPA, kisha FUTA. Vyote vilikuwa na upana mmoja, rangi moja na maandishi ya ukubwa mmoja. Sehemu ya kuandika kiasi ilikuwa chini yake.

Kila kitufe kilikuwa na kimo cha pikseli 28, na kati ya kitufe na kitufe ziliachwa pikseli 4. Pikseli ninazozitaja hapa ni kipimo cha wachora kurasa. Si vile vidoti vya kioo ambavyo wauza simu hujisifia navyo. Kwenye simu nyingi, pikseli 160 za aina hii hukaa kwenye inchi moja au karibu na hapo. Kwa hiyo pikseli 28 ni kama milimita 4 na nusu, na pikseli 4 ni zaidi kidogo ya nusu milimita. Chukua rula upime milimita 4 na nusu, kisha weka juu yake kidole gumba chako. Kitufe kizima kitatoweka chini ya kidole, na kidole kitabaki kimepanda juu ya majirani zake wawili.

Kwenye kumbukumbu za seva, makosa yaliacha alama za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa maombi ya kulipa deni lote yaliyokatishwa kwenye hatua ya namba ya siri, yakifuatwa punde na malipo ya kiasi kidogo kutoka kwa mwanachama yuleyule. Mtu alitaka kulipa shilingi 15,000, kidirisha kikamwonyesha deni lake zima, akashtuka, akakatisha, akaanza tena. Alama ya pili ilikuwa ya watu walioandika kiasi, ukurasa ukajifuta, wakaandika kiasi kilekile upya. Hao walikuwa wamegusa FUTA. Katika kumbukumbu hizo kosa la bahati mbaya huonekana hivyo, kama jambo lililofanywa na kutanguliwa mara moja. Mtu aliyeamua kweli kulipa deni lote harudi nyuma sekunde chache baadaye kulipa kidogo.

Wenye kuumia zaidi ni ambao hawakushtuka. Wao waliweka namba ya siri bila kusoma kiasi, fedha zikaenda, na katibu akabaki na kazi ya kuandika barua za kurudishiana.

Kidole hakina ncha

Mshale wa kompyuta una ncha moja inayoonekana. Kidole hukandamiza kioo kwa eneo pana, na kioo cha simu hulazimika kuchagua nukta moja ndani ya eneo hilo na kusema, "Hapa ndipo alipogusa." Simu za kugusa husoma mabadiliko madogo ya umeme yanayoletwa na ngozi, kisha hukadiria katikati ya eneo lililoguswa.

Tatizo ni kwamba katikati anayoijua simu siyo anayoilenga mwenye simu. Watafiti Christian Holz na Patrick Baudisch, waliofanya kazi yao Ujerumani, walionyesha mwaka 2011 kwamba watu hulenga kwa kuangalia sehemu ya juu ya kidole, pale kwenye ukucha, ilhali kioo kinasoma upande wa chini ambao mtu hauoni. Tofauti hiyo hubadilika kadiri kidole kinavyolala au kusimama. Simu nyingi hujaribu kuisahihisha, lakini haziwezi kuimaliza. Ikiwa kitufe kina milimita 4 na nusu, kuteleza kwa milimita 2 au 3 kunatosha kukutoa kwenye LIPA na kukutua kwenye FUTA iliyo chini yake.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako. Kwenye mipangilio ya simu za Android, sehemu ya `Developer options`, kuna chaguo la `Show taps`. Ukiliwasha, kila unapogusa kinatokea kiduara mahali simu inapodhani umegusa. Tulifanya hivyo pale ghalani na wanachama waliokuwa wakisubiri kupima mzigo, kila mmoja akishika simu yake mwenyewe. Mzee mmoja mwenye viganja vilivyokomaa kwa jembe aligusa LIPA kwa makini, na kiduara kikatokea chini yake. Akajaribu tena, kiduara hakikutokea kabisa. Ngozi nene na kavu hupitisha alama dhaifu kwenye kioo. Ukiongezea juu yake kioo cha kukinga kilichojaa vumbi au kilichopasuka, simu wakati mwingine haisikii kitu. Mtu hukandamiza kwa nguvu zaidi, kidole kinatanuka, na nukta inahama.

Kwa sababu hizo wachora kurasa hawakisii ukubwa wa kitufe. Mwaka 2006 watafiti watatu, Pekka Parhi, Amy Karlson na Benjamin Bederson, walipima watu wakitumia kidole gumba cha mkono ulioshika kifaa. Walipendekeza vitufe visipungue milimita 9.2 kwa kazi ya kugusa mara moja. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazofikiwa na watu wote, unaojulikana kwa herufi WCAG, katika toleo la 2.2 la mwaka 2023 unataja pikseli 24 kwa 24 kuwa kiwango cha chini, na pikseli 44 kwa 44 kuwa kiwango cha juu zaidi cha ubora. Google huwaambia watengenezaji wa programu za Android watumie 48.

Sisi tulichagua kimo cha 56, ambacho kwenye simu nyingi za wanachama kinakaribia milimita 9, na upana wa ukurasa mzima. Kiwango cha chini cha 24 kinavumilika kwa kiungo cha kusoma habari, ambapo ukikosea unarudi tu. Kitufe kinachohamisha pesa ya mtu kinahitaji zaidi ya kuvumilika. Mabadiliko yenyewe kwenye maandishi ya ukurasa ni mistari michache:

```css
.lipa {
  width: 100%;
  min-height: 56px;
  margin-bottom: 24px;
}
```

Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika na wengi. Unaacha pikseli 24, karibu milimita 4, kati ya LIPA na chochote kilicho chini yake. Kidole kikiteleza kinaangukia mahali patupu, na mahali patupu hapamkati mtu pesa.

Somo kutoka kwa marubani

Fikra ya kwamba kosa la mkono laweza kuwa kosa la chombo haikuanzia kwenye simu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa Marekani waliokuwa wakiendesha ndege za B-17 walikuwa wakitua salama, kisha ndege ikiwa bado iko kwenye njia yake wanakunja magurudumu. Ndege inalala kwa tumbo. Ripoti zilisema ni uzembe wa rubani. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, alipoingia kwenye chumba cha rubani alikuta swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya nyuma ya bawa zimekaa bega kwa bega, na zinafanana. Rubani aliyechoka alitaka kukunja vibawa, mkono ukashika jirani yake. Dawa yake ilikuwa kugandisha kigurudumu kidogo cha mpira kwenye mpini wa magurudumu na kitu chenye umbo la bawa kwenye mpini wa pili, ili mkono utambue hata bila macho.

Mwenzake, Paul Fitts, alikusanya pamoja na Richard Jones masimulizi 460 ya marubani kuhusu makosa ya aina hiyo na kuyachapisha mwaka 1947. Miaka saba baadaye, mwaka 1954, Fitts alipima jambo jingine ambalo kila mchora kurasa hulitumia hadi leo. Aliwapa watu kalamu ya chuma waguse vibao viwili kwa zamu, huku yeye akibadilisha umbali kati ya vibao na upana wake. Aligundua kwamba ugumu wa kugusa unategemea uwiano wa mambo hayo mawili: jinsi kitu kilivyo mbali, na jinsi kilivyo kikubwa. Kipimo chake cha ugumu huandikwa hivi:

```
ugumu = log2(2 × umbali ÷ ukubwa)
```

Tukiweka hesabu ya ukurasa wetu, kidole gumba kikimaliza kuandika kiasi kipo chini ya simu, kwenye kibodi. Kitufe cha zamani kilikuwa juu kulia, umbali wa kama milimita 90, na kimo chake kilikuwa 4.4. Ugumu unakuja karibu 5.4. Kitufe kipya kipo umbali wa kama milimita 25 na kina kimo cha 9, na ugumu unashuka hadi karibu 2.5. Tungekikuza bila kukisogeza, ugumu ungebaki 4.3. Tungekisogeza bila kukikuza, ungekuwa 3.5. Ndiyo maana nilifanya yote mawili kwa pamoja.

Kwa nini chini, na kwa nini si chini kabisa

Mwaka 2013 Steven Hoober alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu mitaani, kwenye mabasi na mikahawani. Kati ya wale waliokuwa wakigusa skrini, karibu nusu, asilimia 49, walishika simu kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa gumba la mkono huohuo. Kona ya juu ndiyo mahali gumu kwa gumba hilo. Ili ulifikishe, ama unaisukuma simu juu ndani ya kiganja, ama unalilaza gumba kifudifudi, na gumba lililolala hugusa kioo kwa eneo pana zaidi. Mwanachama aliyebeba mtoto au kikapu kwa mkono wa pili hana njia nyingine.

Basi mbona kitufe hakikuwekwa ukingoni kabisa mwa skrini, chini ya kila kitu? Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ukingo wa chini wa simu za Android una kazi nyingine: ndipo vilipo vitufe vya kurudi nyuma na kwenda mwanzo, au ndipo unapotelezesha kidole kutoka kwenye programu. Anayekosea hapo hutoka nje ya ukurasa katikati ya malipo. Ya pili ni kibodi. Mtu akigusa sehemu ya kiasi, kibodi hupanda na kufunika nusu ya chini ya skrini. Kitufe kilichogandishwa chini kinaweza kufichwa nyuma yake, na mtu akabaki akitafuta pa kulipia.

Mahali panapobaki ni pale juu kidogo ya kibodi. Tukapandisha sehemu ya kiasi, LIPA ikawekwa chini yake moja kwa moja, na vyote viwili vinaonekana kibodi ikiwa wazi. Gumba likimaliza sifuri ya mwisho, kitufe kipo hatua moja juu yake. Tumeomba pia simu ilete kibodi ya tarakimu tu, ambayo vitufe vyake ni vipana kuliko vya herufi.

Tangazo la bei nalo lilihamishwa, na hili ndilo lililokuwa na hila kuliko yote. Pale kijijini mtandao ni wa kusuasua. Ukurasa ulifunguka kwanza bila tangazo, vitufe vikakaa juu. Sekunde kadhaa baadaye tangazo liliwasili, likachukua kimo cha pikseli 32, na kusukuma kila kitu chini kwa kiasi hicho. Sasa jumlisha: kitufe cha 28 na nafasi ya 4 ni 32. Mwanachama aliyekuwa anashusha kidole kwenye LIPA wakati tangazo linaingia, kidole chake kilifika pale ambapo LIPA ilikuwepo nukta moja iliyopita, na sasa pamesimama LIPA DENI LOTE. Hata angekuwa na shabaha ya mwindaji asingepona. Siku hizi tangazo lipo mwisho wa ukurasa, na nafasi yake imetengwa tangu mwanzo ili likija lisimsukume mtu.

Jibu kwa mama

Yule mama aliuliza kama tunataka watu walipe tu bila kufikiri. Hofu yake ina msingi, kwa sababu zipo kurasa za biashara ambazo hukuza kitufe cha kununua na kuficha cha kukataa kwa makusudi. Kipimo cha kuzitambua ni rahisi: angalia kama njia ya kutoka ni ngumu kuliko njia ya kuingia.

Kwetu ANZA UPYA nacho kimekuzwa, kina kimo cha 48, lakini kipo juu ya sehemu ya kiasi na kina fremu tu bila rangi ndani. Kipo mbali kwa sababu ileile iliyomfanya Chapanis atofautishe mipini ya ndege: vitu viwili vyenye matokeo tofauti havifai kukaa pamoja vikifanana. Jina lake limebadilika kwa sababu wanachama wengine walidhani FUTA hufuta deni, na wengine walidhani hufuta uanachama.

LIPA DENI LOTE sasa kipo kwenye ukurasa wa deni, karibu na kiasi chenyewe, ili anayekibonyeza awe anaiona namba anayoikubali. Vitufe vyote viwili vya kulipa vinakupeleka kwenye ukurasa wa uhakiki wenye jina lako, namba ya uanachama, kiasi kwa tarakimu kubwa, na deni litakalobaki. Hapo kuna THIBITISHA na RUDI, na RUDI haipotezi ulichoandika. Mwongozo wa WCAG unataka jambo hilo kwa kurasa zinazohusu fedha: malipo yaweze kutenguliwa, au kukaguliwa, au kuthibitishwa kabla hayajaenda.

"Kwa hiyo nikiingia kwa bahati mbaya natoka?" mama aliuliza tena.

"Unatoka, mama, na pesa yako haijaguswa."

Kuna hila moja nilimweleza yeye, na inafaa kwa karibu kila ukurasa wa simu. Ukurasa uliotengenezwa vizuri hautendi kitu kidole kinapotua. Hutenda kinapoinuka. Ukigusa kitufe ukagundua si chenyewe, usiinue kidole. Kiburute kikiwa bado kimegusa kioo hadi nje ya kitufe, kisha uinue. Kitufe kitajihesabu hakijabonyezwa.

Anayebonyeza mara mbili

Kitufe kikubwa kina balaa lake: ni rahisi kukibonyeza tena. Mtandao ukisuasua, mtu anabonyeza THIBITISHA, haoni kitu, anabonyeza tena, na vidirisha viwili vya namba ya siri vinamfuata kimoja baada ya kingine. Asiyejua huweka namba ya siri kote kuwili.

Baada ya mguso wa kwanza kitufe sasa hugeuka kijivu na kuandika INATUMA, SUBIRI. Rangi peke yake haitoshi, maana mtu anaweza kuufungua upya ukurasa na kitufe kikarudi kuwa kizima. Kinga ya kweli ipo kwenye seva. Ukurasa wa uhakiki unapofunguka, malipo hayo hupewa namba ya kumbukumbu. Ombi la pili likija na namba ileile, seva hairushi kidirisha kingine. Inajibu tu kwamba ombi limeshapokelewa. Mwenye kutaka kulipa mara mbili kwa hiari yake lazima aanze malipo mapya, yenye namba mpya.

Kuhamisha nako kuna hatari

Sasa nirudi kwa mzee aliyeuliza vitufe vilikuwa vinamla nani. Ndani ya swali lake kuna hoja ambayo wataalamu wengi huipuuza. Aliyelipa kwa miezi mingi hasomi tena vitufe. Mkono wake unajua njia, na unakwenda juu kulia wenyewe. Ukihamisha kitufe bila taarifa unamnyang'anya ujuzi alioupata kwa jasho, na ukiweka kitu kingine pale pale palipokuwa na LIPA, unamtegea mtego mpya.

Kwa sababu hiyo pale juu kulia pameachwa patupu. Pana jina la mwanachama tu, na ukiligusa halifanyi kitu zaidi ya kuleta maandishi madogo: LIPA ipo chini ya kiasi. Maandishi hayo yatakaa hadi msimu uishe. Mabadiliko yenyewe tuliyafanya kabla ya minada ya Oktoba kuanza, wakati malipo ni machache na katibu ana nafasi ya kusikiliza watu. Tulibadilisha kila kitu kwa siku moja badala ya kusogeza kitufe kidogo kidogo, kwani mkono unaofundishwa upya kila wiki haujifunzi kamwe. Na ujumbe ulitangulia mabadiliko, ukisema kilichohama, kilikohamia, na ambacho hakikuguswa. Mwanachama akiona ukurasa wa fedha umegeuka ghafla ana haki ya kudhani ni matapeli, na atakuwa amefikiri vizuri.

Tutajua tumefaulu kwa kutazama zile alama mbili kwenye seva: maombi ya deni lote yanayokatishwa na kufuatwa na malipo madogo, na kiasi kinachoandikwa mara mbili. Zikipungua, dawa imeingia. Zikibaki vilevile, chanzo ni kingine na itabidi turudi ghalani na simu za watu. Katika wiki za mwanzo hesabu zinaweza kupanda kidogo, na hilo lisitutishe, kwani mikono inajifunza.

Kuna makosa ambayo kitufe hakiwezi kuyatibu hata kikijaza skrini. Hakijui kama umeandika 150,000 ukimaanisha 15,000, ingawa ukurasa wa uhakiki sasa unaweka alama ya mkato kwenye maelfu ili jicho lione. Hakiwasaidii wanachama wenye simu za vitochi, wanaolipa kwa kupiga namba za menyu na ambao ukurasa huu hawauoni kamwe. Wala hakizuii mtu kuweka namba ya siri kabla ya kusoma. Kile kidirisha cha namba ya siri ni cha mtandao wa simu, si cha chama, na sisi hatuwezi kukibadilisha hata herufi moja. Humo mna vitu viwili vya kusoma kila mara: kiasi, na jina la anayelipwa. Kimoja kikiwa sicho, katisha, rudi mwanzo, na kama kimejirudia, piga picha ya skrini umpelekee katibu. Picha hiyo ina saa ndani yake, na kwa saa hiyo naweza kwenda kwenye kumbukumbu za seva nikaona kidole chako kiligusa nini.